Biskuti za mtoto wa shule: namba mbili za mafuta ninazozisoma kwanza

Pakiti ya biskuti huwa naigeuza kabla sijaitazama usoni. Mbele kuna masuke ya ngano, bilauri ya maziwa na mtoto anayecheka. Nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, ndiko kulikoandikwa kilichomo. Nimefungasha vitafunwa vya shule kwa miaka kadhaa, na tabia hii ilikuwa yangu tu ya nyumbani mpaka wazazi wa darasa la mwanangu waliponibebesha kazi: nichague pakiti ya aina moja ambayo watoto wote wangekula wakati wa mapumziko. Hapo ilinibidi niweze kueleza kwa nini hii na si ile, mbele ya watu ambao kila mmoja alikuja na biskuti yake moyoni.

Kuna mambo mengi ya kusoma nyuma ya pakiti, lakini kwenye biskuti mimi naanza na mafuta. Sukari mtoto anaionja na mzazi anaionja. Haina pa kujificha sana. Mafuta ya biskuti hayaonekani wala hayalowanishi vidole, na ndiyo yanayotofautiana mno kati ya pakiti moja na nyingine. Kwenye jedwali la virutubisho yana mistari miwili. Wa kwanza ni mafuta yote. Wa pili, ambao kwa kawaida uko chini yake na umesogezwa ndani kidogo, ni ile sehemu ya mafuta hayo ambayo ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo huelekea kuganda yakiwa katika joto la kawaida la chumba. Hayo ndiyo yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu, na ndiyo Shirika la Afya Duniani linayotaka yasizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, kwa watu wazima na kwa watoto kuanzia miaka miwili.

Wengi huishia mstari wa kwanza. Mimi nagawanya wa pili kwa wa kwanza, kwa kichwa tu, bila kikokotoo, kwa sababu jibu linanitajia mafuta yaliyotumika hata kama mtengenezaji hakutaka kuyataja.

Inafanya kazi hivi. Kila mafuta yana sehemu yake ya asili ya mafuta yaliyoshiba, na haibadiliki sana. Mawese ni karibu nusu. Siagi ni zaidi kidogo ya nusu, karibu sehemu sita kwa kumi. Mafuta ya nazi yanakaribia tisa kwa kumi, na yale yanayokamuliwa kwenye kokwa ya mchikichi ni kama nane kwa kumi. Upande wa pili yapo ya alizeti, ambayo ni kama sehemu moja kwa kumi, na ya kanola, ambayo hayafiki hata hapo. Kwa hiyo nikiona mafuta gramu 20 na yaliyoshiba gramu 10, hayo ni mawese au ndugu yake wa karibu, hata kama orodha ya viambato imeandika "mafuta ya mimea" na kunyamaza. Nikiona 20 na 2, hapo kuna alizeti au kanola. Nikiona 24 na 19, ni nazi au kokwa ya mchikichi, na mara nyingi hiyo ni kaki yenye krimu au biskuti iliyopakwa kitu cha rangi ya chokoleti kisicho chokoleti hasa.

Hesabu hii inasaidia zaidi pale orodha inapoandika "mafuta ya mimea (mawese, alizeti au pamba)". Ukiisoma haraka unabaki na alizeti kichwani. Kiwanda kinaandika hivyo ili kiweze kubadili mafuta kulingana na soko bila kuchapisha karatasi mpya, jambo ambalo kanuni za nchi nyingine huliruhusu na za nchi nyingine hulikataza. Gawanya namba zako mbili. Ukipata nusu, usijidanganye na alizeti.

Shemeji yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha biskuti, upande wa kukandia. Nilimuuliza kwa nini wasitumie tu mafuta ya maji, tukaachana na mjadala. Akacheka. "Shemeji, biskuti inataka mafuta yanayoganda. Ukitia ya maji, unga unakutesa mashineni na biskuti inatoka jasho ndani ya pakiti." Alinieleza kwamba mafuta mazito yanazivika chembe za unga ili zisishikane na maji na kutengeneza ule mvuto unaohitajika kwenye mkate, ndiyo maana biskuti inavunjika kwa mlio badala ya kutafunika. Mafuta ya maji nayo yanavika, lakini hayatulii mahali pamoja. Yanahama polepole kutoka ndani kuja juu, hasa pakiti ikikaa kwenye joto. Krimu ndiyo ngumu kabisa: lazima isimame katikati ya biskuti mbili bila kuteleza, na bado iyeyuke mdomoni. Mafuta yanayofanya kazi hiyo ni yaliyoshiba. Zamani yaliyotumika sana ni yale ya mimea yaliyotiwa hidrojeni kiasi, ambayo nitayarudia.

Maelezo yake yalinifunza nini cha kutarajia. Biskuti ya krimu yenye mafuta mepesi ni nadra, kwa hiyo sipotezi muda kuitafuta. Biskuti nyembamba, kavu, isiyo na krimu, inaweza kutengenezwa kwa mafuta kidogo. Hata yakiwa mawese, uchache wake unaiokoa. Na vitafunwa vyenye chumvi vinavyokaangwa au kunyunyiziwa mafuta havihitaji mafuta ya kuganda hata kidogo, kwa hiyo kiwanda kikitumia mawese huko kimetazama bei na muda wa kukaa dukani, si umbo.

Sasa mezani. Wazazi walileta pakiti walizozipenda, nikazipunguza hadi nne zilizowakilisha nyingine. Nitaziita kwa sura zake. Namba zote ninazoandika ni kwa gramu 100, na hili lina sababu. Kila kiwanda kinajichagulia "kiasi cha kula mara moja": huyu anaandika biskuti 2, yule gramu 15, mwingine nusu pakiti. Ukilinganisha safu hizo, pakiti yenye kiasi kidogo ndiyo itakayoonekana nzuri. Kama hakuna safu ya gramu 100, ipige mwenyewe: gramu za mafuta gawanya kwa uzito wa kile kiasi, zidisha kwa 100. Gramu 3 za mafuta kwenye kiasi cha gramu 15 ni gramu 20 kwa 100, yaani moja ya tano ya biskuti ni mafuta.

Ya kwanza ilikuwa ya krimu ya chokoleti, kipenzi cha watoto wote, wa kwangu akiwa mbele. Mafuta 21, yaliyoshiba 10.5, sukari 38. Viambato: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, dekstrosi, kakao asilimia 3, sharubati ya glukosi, kisha vitu vidogovidogo.

Ya pili iliandikwa "nafaka nzima" kwa herufi kubwa, rangi ya udongo, picha ya shamba. Mafuta 22, yaliyoshiba 10, sukari 17. Viambato: unga wa ngano, mafuta ya mawese, sukari, unga wa ngano nzima asilimia 14, pumba za ngano, chumvi.

Ya tatu ni ile biskuti nyembamba ya kawaida, ya matundu, ambayo watoto huiita ya wagonjwa. Mafuta 12, yaliyoshiba 5.8, sukari 21. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, sharubati ya glukosi, maziwa ya unga.

Ya nne ilikuwa biskuti ya chumvi, ya mraba. Mafuta 16, yaliyoshiba 1.8, sukari 6, chumvi 2. Unga wa ngano, mafuta ya alizeti, kimea, chumvi, hamira.

Ya pili ndiyo iliyotuchukua muda, kwa sababu nusu ya wazazi walikuwa wameshaipigia kura kabla hatujakaa. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, chepesi mwisho. Kanuni hiyo ni ya kimataifa, na ndiyo inayoipa orodha maana. Asilimia iliyoandikwa kando ya kiambato kimoja ni kama kigingi: vyote vilivyo juu yake ni vizito angalau kama hicho, vyote vilivyo chini havikizidi. Hapa kigingi ni ngano nzima, asilimia 14, na mafuta ya mawese yako juu yake. Maana yake hiyo biskuti ya nafaka nzima ina mafuta mengi kuliko nafaka nzima. Sikuhitaji hata kufika kwenye jedwali. Nilipofika, jedwali likasema 22, na likakubaliana na orodha.

Mzazi mmoja hakuridhika. "Lakini mama, hii imeandikwa haina kolesteroli." Ni kweli kabisa, haina. Mafuta yoyote ya mmea, yawe ya nazi au ya alizeti, kolesteroli iliyomo ni ya kuhesabika kama hakuna. Hiyo ni kitu cha wanyama. Kinachompandishia mtoto kolesteroli mbaya kwenye damu yake mwenyewe ni yale mafuta yaliyoshiba, gramu 10 zilizoandikwa upande wa pili wa pakiti hiyohiyo. "Imeokwa, haijakaangwa" ni maneno ya ukoo huohuo. Biskuti gani hukaangwa?

Haki ya ile biskuti ya pili nayo ni yake: sukari yake ni chini ya nusu ya ile ya krimu, na pumba zinaongeza nyuzinyuzi. Asiyejali mafuta angeichagua na asingekuwa mjinga. Ila kwenye mafuta yaliyoshiba iko bega kwa bega na ya krimu, 10 kwa 10.5, na hilo hakuna aliyelitegemea.

Ili namba zilete maana niliziweka kwenye siku ya mtoto. Chukua mtoto wa miaka kama saba anayehitaji karibu kilokalori 1,600 kwa siku; wapo wanaohitaji pungufu na wapo wachezaji wanaohitaji zaidi. Asilimia 10 ni kilokalori 160. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9, kwa hiyo kikomo chake cha mafuta yaliyoshiba ni kama gramu 18 kwa siku nzima, kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Sukari iliyoongezwa nayo ina kikomo cha asilimia 10, na kwa kuwa gramu ya sukari ni kilokalori 4, inakuwa gramu 40.

Pakiti ndogo ya ile ya krimu ilikuwa na gramu 60, na hakuna mtoto anayefungua pakiti ndogo akabakiza. Hiyo ni gramu 6.3 za mafuta yaliyoshiba, zaidi ya theluthi ya siku, na gramu 23 hivi za sukari, zaidi ya nusu ya siku. Saa nne asubuhi. Ya nafaka nzima kwa uzito huohuo inatoa gramu 6 za mafuta yaliyoshiba na 10 za sukari. Ile nyembamba, ya wagonjwa, tukitoa gramu 30, inatoa gramu 1.7 za mafuta yaliyoshiba na gramu 6 na kitu za sukari.

Utasema nimeipendelea kwa kuipima nusu. Ni kweli, na nilifanya makusudi. Biskuti nyembamba ni nyepesi, kiganja kizima cha mtoto kinajaa na uzito bado uko chini, halafu ni kavu, inamlazimisha kunywa maji. Hata ningeipandisha hadi gramu 60, isingefika gramu 3.5 za mafuta yaliyoshiba. Ya krimu hata ukiipunguza hadi 30 inabaki na 3.15. Ila sukari ya ile nyembamba si ya kuchezea: kwa gramu 60 ingekuwa 12 na kitu, kwa hiyo kile kipimo cha 30 hakikuwa cha kuonea.

Kuhusu sukari na orodha, jambo moja tu. Kwenye ile ya krimu, unga umekaa wa kwanza na sukari ya pili, na mtu angesema basi unga ndio mwingi. Lakini sukari imegawanywa mafungu matatu: sukari yenyewe, dekstrosi, sharubati ya glukosi. Kila fungu likipimwa peke yake linashuka kwenye orodha. Jedwali haliwezi kugawanya hivyo. Linajumlisha zote na kusema 38. Kila orodha na jedwali vikinipa picha mbili tofauti, namba ndiyo naiamini. Sharubati mara nyingine ina kazi yake ya kweli ya kuipa biskuti rangi na kuishikisha, sisemi kila kiwanda kinafanya ujanja.

Biskuti ya chumvi ya alizeti ilikuwa nzuri kuliko zote kwenye mgawanyo: 1.8 kwa 16, sehemu moja kwa kumi na kidogo. Tatizo lake ni ile chumvi 2. Gramu 30 zinampa mtoto gramu 0.6 za chumvi. Kwenye miongozo ya Uingereza, mtoto wa miaka 7 hadi 10 hatakiwi kupita gramu 5 kwa siku, na wa miaka 4 hadi 6 gramu 3. Kwa hiyo gramu 0.6 haitishi ikiwa peke yake, lakini kwa mdogo wa miaka mitano ni moja ya tano ya siku. Pakiti nyingine hazitaji chumvi, zinataja sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 800 za sodiamu zinaonekana ndogo mpaka uzigeuze zikawa gramu 2 za chumvi.

Miongozo hiyohiyo ya Uingereza ndiyo yenye zile rangi za taa za barabarani, na mipaka yake nimeihifadhi kichwani kwa sababu inafanya kazi popote penye safu ya gramu 100. Mafuta yote yakizidi 17.5 ni nyekundu; yakiwa 3 au chini, kijani. Yaliyoshiba yakizidi 5 ni nyekundu. Sukari ni nyekundu ikizidi 22.5, chumvi ikizidi 1.5. Kwa mipaka hiyo karibu biskuti zote duniani zina nyekundu moja mahali fulani, hata ile nyembamba yenye 5.8. Ndiyo maana rangi peke yake hainisaidii kuchagua kati ya biskuti na biskuti. Inanisaidia kuziondoa zile zenye nyekundu tatu, na ile ya krimu ni mojawapo.

Mzazi mwingine alikuja na kipimo cha nyumbani: unaponda biskuti juu ya karatasi nyeupe, unaiacha kidogo, unatazama doa. Tulikifanya palepale. Ponda ya biskuti ya krimu iliacha alama hafifu tu. Krispi ya alizeti iliacha doa la kung'aa lililopenya hadi upande wa pili wa karatasi. Yeye akasema basi krispi ndiyo mbaya. Kwa mafuta yote ana hoja, maana krispi nyingi zina mafuta gramu 30 na zaidi kwa 100, karibu theluthi ya uzito. Lakini karatasi inanyonya mafuta ya maji tu. Yale yaliyoganda hayahami, yanabaki kwenye chembe za biskuti, na ndiyo hasa tuliyokuwa tunayatafuta. Kipimo cha doa kinakuonyesha mafuta yenye afadhali na kukuficha yenye madhara. Ile krispi ilikuwa na 33 kwa 3. Nyingine, ya mahindi yaliyofurishwa, ilikuwa na 32 kwa 15, na doa lake lilikuwa dogo.

Hiyo haikuifanya krispi kuwa chakula cha kila siku. Gramu 25 za ile ya alizeti zinabeba gramu 8 za mafuta, kilokalori 70 na kitu za mafuta peke yake, na mtoto anazimaliza kabla hajajua ameanza. Ila ikiwa ni siku ya krispi, naijua ya kuchukua.

Mafuta ya alizeti yana udhaifu wake, nao ni kuchacha. Mafuta yasiyoshiba hushambuliwa na hewa na mwanga upesi kuliko mawese. Pakiti ya plastiki inayoona ndani, iliyokaa dirishani kwenye jua, ifungue na uinuse kabla ya kumpa mtoto: harufu inayofanana na rangi ya kupaka ukuta, na ladha chungu inayobaki nyuma ya ulimi, ndizo dalili. Kwa hiyo kwa vitafunwa vya alizeti naangalia tarehe kwa ukali zaidi, na nachukua vilivyofungwa kwa karatasi yenye bati ndani.

Sasa yale ya hidrojeni. Ukikuta kwenye viambato "mafuta ya mimea yaliyotiwa hidrojeni kiasi", rudisha pakiti hata kama namba zote ni tamu. Kiwanda kinapoyalazimisha mafuta ya maji yagande nusu, kinazalisha mafuta ya transi, ambayo yanapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe, kwa kuyapiga marufuku au kwa kuweka kikomo cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, na nchi nyingi zimefanya hivyo. Denmark ilianza mapema, mwaka 2003. Pale ambapo sheria haijafika, au pakiti imesafiri kutoka mbali, orodha ndiyo mlinzi wako.

Usitegemee jedwali peke yake hapa. Kwa kanuni za Marekani, kiasi cha kula mara moja kikiwa na chini ya gramu 0.5 za mafuta ya transi kinaruhusiwa kuandikwa 0. Chukua kiasi cha gramu 14 chenye gramu 0.4: kimeandikwa 0. Mtoto akila viasi vinne, pakiti yote, amekula gramu 1.6, wakati kikomo chake cha siku, asilimia 1 ya kilokalori 1,600, ni kama gramu 1.8. Sifuri nne zimejaza karibu siku nzima. Kuhusu "yaliyotiwa hidrojeni kikamilifu", hayo ni jambo jingine. Transi humo huwa kidogo sana, lakini yameshiba kabisa na utayaona kwenye mstari wa pili. Pakiti ikiandika "yaliyotiwa hidrojeni" tu bila kusema kiasi gani, mimi naichukulia kuwa ni kiasi.

Mwishowe sisi wazazi tulichagua ile nyembamba na ya chumvi, zipishane. Si watoto wote walifurahi. Wa kwangu alifika nyumbani na malalamiko ya krimu, nikamwambia Jumamosi ipo. Jumamosi nikampa biskuti mbili, si pakiti, na nikachukua moja ya kwangu nikaitenganisha juu ya mizani ya jikoni ili tuone pamoja. Nzima ilikuwa na gramu 14. Nilipoikwangua kwa kisu, krimu ikawa gramu 4 na kitu, karibu theluthi, nyeupe, ya kung'aa, ikishikamana na kisu bila kudondoka. Ndani yake karibu hakuna kingine zaidi ya sukari na mafuta yaliyoganda. Akaomba aile hiyo aliyoikwangua mama. Nikamkatalia, akaniambia kwamba basi ningeipima kimyakimya.

Pakiti zinabadilika bila taarifa. Mwezi uliopita ile nyembamba ilikuja na karatasi mpya na maneno "ladha iliyoboreshwa". Mafuta yamepanda kutoka 12 hadi 15, yaliyoshiba kutoka 5.8 hadi 7.4. Kwa gramu 30 ni 2.2 badala ya 1.7, bado chini ya ile ya krimu, kwa hiyo hatujaiondoa. Lakini nimewatumia wazazi picha ya jedwali la zamani na jipya, na tumeanza kutazama nyingine yenye mafuta 11, ambayo kasoro yake pekee mpaka sasa ni kwamba inavunjikavunjika kwenye begi.